Gawio, kol na puti: hela inapotea usiku wa kuamkia eksi, sio asubuhi yake

Kila robo mwaka ikifika msimu wa magawio ya makampuni ya Marekani naona ushauri uleule unazunguka kwa wanaotreidi opsheni, yaani kol za haki ya kununua hisa na puti za haki ya kuuza, kwamba hisa ikikaribia siku yake ya eksi, yaani siku ambayo anayenunua kuanzia hapo hapati tena lile gawio, uza kol zako haraka kwasababu bei ya hisa itashuka, na kama una hela ya ziada nunua puti jioni ile ulale, asubuhi unaamka na faida. Ushauri wote huu una kosa moja, unachukulia kwamba soko halijui kalenda. Soko linajua tarehe ya gawio na kiasi chake wiki nyingi kabla, na kwa kampuni kama Coca-Cola ambayo inalipa kila robo bila kukosa linakisia hata magawio ya mwaka kesho. Ile hela ilishakatwa kwenye bei ya kol siku uliyoinunua, na ilishaongezwa kwenye bei ya puti pia. Hatari ya kweli iko kwa kundi moja tu la watu wenye kol, na hao ndo wengi wao hawajui kama wanapoteza.

Tuanze na sababu yenyewe. Kol ni haki ya kununua hisa kwa bei ya mkataba, lakini ukiwa na kol hujawa mwenye hisa, na gawio analipwa mwenye hisa. Ni kama umeweka advansi ya kununua nyumba yenye wapangaji kwa bei mliyokubaliana, kodi ya miezi hii bado anachukua mwenye nyumba mpaka siku mtakayokamilisha. Sasa hisa ikifika siku ya eksi bei yake inafunguka chini kwa kiasi kinachokaribia gawio, manake hela imeshatoka kwenye kampuni inaenda kwa wenye hisa. Mwenye hisa hajapoteza, kilichopungua kwenye bei anakipata taslimu. Mwenye kol anapata ule mshuko peke yake bila taslimu. Mwenye puti, ambaye ana haki ya kuuza kwa bei ileile ya mkataba, anapata mshuko upande wa kumfaa na hadaiwi kitu. Kwahiyo mtu yeyote mwenye akili akijua kuna gawio njiani atakubali kulipa kidogo zaidi kwa puti na atagoma kulipa bei nzima ya kol.

Kiasi gani? Chukua hisa yenye bei ya dola 70, opsheni za bei ya mkataba 70, siku 90 mbele, riba ya asilimia 4 na mtikisiko wa bei wa asilimia 16 kwa mwaka. Namba hizi nimezipanga mwenyewe ila ziko karibu na hali ya hisa tulivu kama Coca-Cola. Kama hakuna gawio kabisa, hesabu ya kawaida inakupa kol dola 2.57 na puti dola 1.88. Weka gawio moja la senti 51 katikati ya hizo siku 90, kol inashuka mpaka 2.29 na puti inapanda mpaka 2.11. Angalia vizuri hapo, kol imepoteza senti 28, puti imeongeza senti 23, jumla senti 51, gawio zima limegawanywa kati ya hizo mbili. Sio bahati, ni huu usawa ambao unafunga kol na puti za bei moja na tarehe moja:

```
C - P = S - K·e^(-rT) - D
```

C ni kol, P ni puti, S bei ya hisa, K bei ya mkataba, r riba, T muda uliobaki kwa miaka, na D ni thamani ya leo ya magawio yanayotarajiwa kabla ya opsheni kuisha. Usawa huu umenyooka kabisa kwa opsheni ambazo haziwezi kutumika kabla ya siku ya mwisho, na kwa zile za Marekani zinazoweza kutumika siku yoyote unakaribia sana kama bei ya mkataba iko karibu na bei ya hisa. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuugeuza, unachukua bei za kol na puti unazoziona kwenye skrini, unatafuta D, na unajua soko linategemea gawio kiasi gani. Mtu anayekwambia "hii kol iko chipu" bila kufanya hivyo hajaangalia, mara nyingi uchipu wenyewe ni gawio.

Sasa rudi kwenye asubuhi ya eksi. Ile kol ya mfano wetu, jioni ya kabla hisa iko 70 na kila mtu anaipimia kol kwa hisa ya 69.49 kwasababu senti 51 zinaondoka usiku, asubuhi hisa inafungua 69.49 kweli na kol inapimwa kwa 69.49 ileile, hakuna kilichobadilika zaidi ya siku moja ya muda kupita. Aliyeuza kol yake jana yake kwa woga hajaokoa kitu, na aliyenunua puti jana yake alilipia mshuko wote kwenye primiamu, yaani bei aliyoinunulia puti, kabla haujatokea. Kama hisa ikifungua chini au juu ya hapo hiyo ni habari nyingine za siku, hazina uhusiano na gawio.

Lakini kuna kol moja ambayo kweli inaanguka asubuhi ile, na hapa ndo nataka tukae. Ni kol iliyozama ndani, yenye bei ya mkataba chini sana ya bei ya hisa na muda mfupi uliobaki. Opsheni za hisa mojamoja Marekani unaweza kuzitumia siku yoyote, huhitaji kusubiri siku ya mwisho, na kwa hisa isiyo na gawio kutumia kol mapema ni kupoteza tu, unalipa hela ya mkataba mapema unakosa riba yake na unatupa ile kinga ya kwamba hisa ikiporomoka chini ya mkataba unaachana nayo. Kitu pekee kinachoweza kukushawishi ni gawio, na siku pekee ya kushawishika ni siku ya kazi ya mwisho kabla ya eksi. Mapema zaidi ya hapo unakosa riba bure, kesho yake umechelewa.

Tuchukue Coca-Cola, robo ya pili ya 2025. Gawio senti 51 kwa hisa, eksi ilikuwa Ijumaa tarehe 13 Juni. Tangu tarehe 28 Mei 2024 malipo ya hisa Marekani yanakamilika siku moja ya kazi baada ya kununua, kwahiyo siku ya eksi sasa kwa kawaida ni ileile ya kuangalia rejista ya wenye hisa, na anayetaka gawio alipaswa awe amenunua, au ametumia kol, mpaka Alhamisi tarehe 12. Tuseme Alhamisi ile hisa iko dola 71 na wewe una kontrakti moja ya kol, hisa 100, bei ya mkataba 65, inaisha Ijumaa tarehe 20 Juni. Bei ya hisa naiweka mviringo ili hesabu isomeke.

Ukiitumia Alhamisi unalipa dola 6,500 unapata hisa za dola 7,100. Ijumaa hisa zinakuwa 7,049 na una haki ya gawio la dola 51, jumla 7,100, kwahiyo bado una faida yako ya dola 600. Usipoitumia, Ijumaa hisa iko 70.49 na kol yako inabaki na thamani ya wazi, yaani tofauti ya bei ya hisa na bei ya mkataba, 5.49, ongeza senti 6 hivi za riba ya kutolipa 6,500 kwa siku 8 zilizobaki, ongeza senti 3 za ile kinga ya hisa kuporomoka chini ya 65, unapata kama 5.58, yaani dola 558. Umelala na 600 umeamka na 558, dola 42 kwa kontrakti zimeondoka na hakuna habari mbaya yoyote iliyotokea kwenye kampuni. Mwenye kontrakti 10 ni dola 420 kwa usiku mmoja.

Mbona basi soko halikuzikata hizi 42 mapema kama zile za mwanzo? Kwasababu soko linakupimia kana kwamba utafanya kilicho sahihi. Haki ya kutumia Alhamisi ina thamani, ndo inayoshikilia bei ya kol kwenye 6.00 mpaka dakika ya mwisho, na ukiiacha haki hiyo ipite bei inadondoka pale ambapo ingekuwa bila hiyo haki. Kwahiyo wale wanaosema "mimi niliona kol yangu ikishuka asubuhi ya eksi" hawadanganyi, waliona kweli, ila walishika kol ya aina hii na hawakufanya kitu.

Jinsi ya kujua kol yako ni ya aina hii haihitaji programu. Fungua bei ya puti yenye mkataba uleule na tarehe ileile ya mwisho, ongeza riba utakayokosa kwenye hela ya mkataba mpaka siku hiyo, halafu linganisha na gawio. Gawio likiwa kubwa kuliko jumla ya hivyo viwili, kol isilale nawe. Kwenye mfano wetu puti ya 65 ni senti 3, riba senti 6, jumla 9, gawio 51, jibu liko wazi. Chukua badala yake kol ya 71 tarehe ileile, puti yake ingekuwa kama senti 90, ambazo peke yake zinazidi 51, hiyo usiiguse, ukiitumia unatupa thamani ya muda kubwa kuliko gawio unalolifukuzia. Puti iwe ya mkataba uleule kabisa, nimeona watu wanaangalia ya jirani na kuharibu hesabu.

Kwa wasomaji walioko Nairobi, Dar, Arusha au Mombasa wenye akaunti za nje kuna kitu kingine ambacho vitabu vya Kimarekani havikigusi. Mkazi wa nje ya Marekani anakatwa kodi asilimia 30 juu ya gawio la kampuni ya Marekani kabla halijamfikia, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi wa kupunguza hiyo, na Kenya na Tanzania hazina mkataba wa aina hiyo na Marekani. Kwahiyo lile gawio la dola 51 kwako ni 35.70, huku hisa inashuka kwa 51 nzima. Ukitumia kol na kukaa na hisa unabaki na 584.70, bado ni bora kuliko 558 lakini sio tena 600. Ukiiuza ile kol Alhamisi hata kwa 5.95, chini kidogo ya thamani yake ya wazi kwasababu wanunuzi wa kol zilizozama huwa wanabana bei, unapata 595, umewapita wote wawili na hujahitaji kuwa na 6,500 kwenye akaunti. Ndo maana kwa mtu wa kwetu nasema kuuza kwanza, kutumia ni pale tu ambapo bei ya kununuliwa imebanwa vibaya, tuseme 5.80 kushuka, maana hapo 580 inakuwa chini ya 584.70. Au kama broka anaruhusu, unatumia kol na kuuza hisa Alhamisi ileile kabla soko halijafunga, hapo gawio halikuhusu na kodi haikuhusu.

Na saa nayo. Soko la New York linafunga saa 10 jioni ya kwao, kwetu ni saa 5 usiku wanapokuwa kwenye saa za kiangazi na saa 6 usiku kipindi kingine. Broka ana muda wake wa mwisho wa kupokea agizo la kutumia opsheni, uulize wiki moja kabla, sio usiku ule, na usidhani mfumo utakufanyia. Shirika la OCC linalosimamia ukamilishaji wa opsheni Marekani linatumia lenyewe opsheni zenye faida siku ya mwisho tu ya opsheni, jioni ya kabla ya eksi hakuna anayekutumia kitu kama hujasema.

Zile dola 42 haziyeyuki, zinaenda kwa aliyeuza kol. Kampuni kubwa za kutengeneza soko zinalijua hili vizuri, na kwa miaka mingi siku moja kabla ya eksi zilikuwa zinanunua na kuuziana kol zilizozama kwa wingi wa kutisha, kila mmoja akitumia zote alizonunua, na kwa zile alizouza akibaki anaombea ziangukie kwenye sehemu ya watu waliosahau, maana OCC inagawa maagizo ya kutumia kwa bahati nasibu kati ya waliouza. Kwahiyo ukiona kol ambayo siku zote inauzwa kontrakti chache ghafla imeuzwa maelfu kwa maelfu siku ya Alhamisi, usifikiri kuna mtu ana habari ya ndani, angalia kalenda ya gawio. Upande wa pili, wewe uliyeuza kol juu ya hisa zako ukitegemea na gawio uchukue, kama kol imezama tegemea kuamka hisa zimechukuliwa na gawio limeenda nazo. Na aliyeuza kol bila hisa, au mwenye spredi, yaani kol aliyonunua na nyingine aliyouza kwa pamoja, ambayo mguu aliouza umezama, anaamka anadaiwa hisa na analilipa gawio kutoka mfukoni.

Kwenye puti mambo yanageuka, kosa ni kuwahi. Alhamisi ileile, hisa 71, puti ya mkataba 80 ina thamani ya wazi dola 9.00, ila sokoni itakuwa inazunguka karibu 9.50 kwasababu kila mtu anajua kesho inakuwa 9.51. Mwenye hisa na puti anayeamua Alhamisi "nimeshapata faida yangu, naitumia" anakabidhi hisa na gawio lake kwa 80 na kutupa senti 51 kwa hisa, wakati akisubiri Ijumaa anapata 80 ileile na gawio linabaki kwake. Puti iliyozama kama ni ya kutumia, itumike eksi ikishapita, na kama ni ya kuuza kabla ya hapo hakikisha bei unayopewa ina gawio ndani yake, ukiuza kwa 9.05 umemzawadia mtu.

Yote haya yanasimama juu ya neno kutarajiwa, na matarajio yanaweza kuvunjika. Tarehe 19 Machi 2020 Ford walisimamisha gawio lao la senti 15 kwa robo sababu ya korona. Fikiria opsheni za Ford za kuisha Januari 2022, kabla ya tangazo hesabu ilikuwa na magawio kama 7 njiani, karibu dola 1.05, kwenye hisa ambayo siku ile ilikuwa chini ya dola 5. Ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya bei ya hisa. Magawio yale yakitoka kwenye hesabu, kwa bei ileile ya hisa kol inapanda na puti inashuka, na mwenye puti ya muda mrefu anagundua sehemu ya primiamu aliyolipa ilikuwa ni ya magawio ambayo hayaji tena. Soko likianza kuyatilia shaka kabla ya tangazo, ukigeuza ule usawa hapo juu utaiona D ikipungua siku hadi siku. Kwa opsheni za wiki mbili tatu hili halisumbui, kwa za mwaka na zaidi ni pesa nzito, na ndo maana mtu anayenunua puti ndefu kwenye kampuni yenye gawio kubwa lenye mashaka anabeba hatari mbili.

Nimekuwa nasema gawio la kawaida makusudi. La mara moja nje ya ratiba linashughulikiwa tofauti, OCC wanashusha bei ya mkataba yenyewe. Costco walipotoa dola 15 kwa hisa, eksi tarehe 27 Desemba 2023, mikataba yote ilishushwa kwa 15, mwenye kol ya 600 akawa na ya 585, hakuna aliyelazimika kukimbilia kutumia. La kila robo halina ulinzi huo, mkataba unabaki palepale.

Mwisho SPY, mfuko unaofuata faharasa ya S&P 500, maana ndo opsheni wengi wanaanza nayo. Mfuko huu unalipa kila robo na eksi yake kwa kawaida ni Ijumaa ya tatu ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, Ijumaa ileile ambayo opsheni za mwezi zinaisha. Mwenye kol ya SPY iliyozama anayejiambia inaisha kesho, nitaitumia kesho, anaipata hisa ya Ijumaa ambayo tayari haina gawio. Uamuzi wake ni Alhamisi, na kwa kuwa imebaki siku moja riba ni kama haipo na puti ya mkataba ule haifiki hata senti chache, karibu gawio zima liko mezani usiku huo.